Jamani, nafasi wazi hazitokani na metali kutanuka

Wiki hii tena. Kijana mmoja, mzuri tu kichwani, kaniandikia: "Mwalimu, si joto likipanda metali inatanuka, atomi zinaachana, ndo nafasi wazi zinapatikana?" Hapana bwana. Sijui ni mara ya ngapi, nimeshaacha kuhesabu, sasa naandika hapa ili atakayeuliza tena nimtupie linki tu.

Kutanuka ni atomi kukaa mbalimbali kidogo kwa vile zinatikisika zaidi, lakini kila moja ipo kwenye kiti chake. Nafasi wazi ni kiti ambacho mwenyewe hayupo. Daladala yenye siti zilizoachana kidogo haimaanishi ina siti tupu! Na huyo aliyeondoka hajapotea, kahamia juu ya uso wa metali, au kwenye mpaka wa chembe, pale fuwele mbili zinapokutana, akajenga kiti kipya huko. Hilo la kiti kipya lishikeni, nitalirudia.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kung'oa atomi moja ya alumini na kuihamisha hivyo kunagharimu kama 0.67 eV, hiyo ndo nishati ya kuunda nafasi. Ila vurugu inayoongezeka, yaani entropi, inalipa sehemu ya gharama, ndo maana metali haiwezi kukaa na sifuri ya nafasi wazi hata uitengeneze kwa usafi gani. Mlinganyo wa Arrhenius unatoa sehemu ya viti vilivyo tupu, E ni hiyo nishati na k ni namba ya Boltzmann:

```python
import math
k, E = 8.617e-5, 0.67
for T in (300, 600, 933):
    print(T, math.exp(-E/(k*T)))
```

Utapata kama 5.5e-12, 2.4e-6 na 2.4e-4. Angalieni vizuri, kutoka 300 hadi 600 joto limezidishwa mara mbili tu lakini nafasi zimezidishwa zaidi ya mara laki nne, sasa niambieni ni kutanuka gani kunakwenda hivyo. Na T ni kelvini! Kuna mtu aliweka 27 akimaanisha nyuzi za selsiasi, akapata 10 kwa kipeo cha hasi 125, wakati ulimwengu wote tunaouona unakadiriwa kuwa na atomi kama 10 kwa kipeo cha 80. Akaandika jibu, akapiga mstari chini yake, hana wasiwasi.

Sasa ushahidi, maana huu ndo unaonipa raha. Mwaka 1960 watafiti Simmons na Balluffi walichukua fimbo ya alumini wakaipasha moto mpaka karibu na kuyeyuka, huku wakipima vitu viwili kwa pamoja: urefu wa fimbo, na umbali kati ya atomi kwa eksirei. Kama kutanuka ndo kila kitu, vipimo hivyo viwili vingekua kwa kiwango kilekile. Havikukua hivyo. Fimbo ilirefuka kidogo zaidi ya umbali wa atomi, kwa sababu atomi zilizohama zimejenga viti vipya (si niliwaambia mvishike), eksirei inaona umbali kati ya kiti na kiti tu lakini rula inaona viti vimeongezeka. Tofauti hiyo ukiizidisha mara 3, kwa vile urefu ni upande mmoja tu wa ujazo, unapata sehemu ya nafasi wazi. Kwenye kuyeyuka, 933 K, walipata kama 9e-4. Yaani fimbo ya mita moja inarefuka karibu milimita 18 kutoka joto la kawaida, na katika hizo nafasi wazi zimechangia milimita 0.3. Zote zilizobaki ni kutanuka tu.

Wenye macho wameshaona tatizo: programu yangu imetoa 2.4e-4, wao 9e-4, mara nne karibu. Sehemu ya kosa ni yangu, nimeacha kizidishio cha mbele, exp(S/k), ambacho vitabu vingi vya mwaka wa kwanza vinakifanya 1 bila hata kuomba radhi. Atomi jirani na kiti tupu zinatikisika kwa uhuru zaidi, hiyo ni entropi nyingine, ukichukua S ya 0.7k unazidisha mara 2 na kufika 4.8e-4.

Na nusu iliyobaki? Hapo mimi mwenyewe nasita. Wapo wanaosema ni nafasi zilizokaa mbilimbili, wapo wanaosema nishati yenyewe inabadilika na joto, kwa hiyo ukichora logi ya sehemu ya viti tupu dhidi ya 1/T, mstari wa Arrhenius haunyooki. Simmons na Balluffi wao walichora mstari mmoja ulionyooka wakapata nishati ya 0.76 eV na S ya 2.4k, na ukiziingiza unakaribia kabisa 9e-4 yao. Ndo tabu ya kupima kwenye kipande kifupi cha joto karibu na kuyeyuka: ukipandisha nishati kidogo na entropi ikapanda nayo, mstari unapita palepale, na data haikwambii umekosea.