Slaidi 18 zilizobaki 11: namna kazi ya kundi ilivyojengwa upya usiku mmoja

Saa 3 usiku, kwenye hosteli moja hapa Dodoma, mwanafunzi wa mwaka wa tatu anachomeka flashi ili apitie wasilisho la kundi lake kwa mara ya mwisho. Zamu yao ya kuwasilisha ni kesho saa 2 asubuhi. Mada ni safari ya zabibu kutoka mashambani Hombolo na Makutupora hadi kwa mnunuzi. Wako watu watano na slaidi ni 18. Faili linafunguka vizuri, ila upande wa kushoto namba zinaishia 11.

Anampigia mwenzake aliyeichukua flashi jioni kuongeza sehemu ya changamoto na mapendekezo. "Kiongozi, hiyo ndiyo ya mwisho kabisa," kijana anajibu. "Nimeiweka juu ya ile ya zamani."

Hadithi hii nimeitunga, lakini kila kilichomo hutokea kila muhula. Mtu mmoja anachukua nakala Jumapili, anafanyia kazi kwenye laptopu yake bila intaneti, halafu Jumanne anainakili kwenye flashi. Jina la faili ni lilelile, `Zabibu_final.pptx`. Windows inauliza, naye anabonyeza `Replace the file in the destination`. Kwenye kisanduku hichohicho kuna `Compare info for both files`. Angeibonyeza angeona faili la kwenye flashi lina MB 6.8 na lake lina MB 2.1, na faili lililokamilika zaidi halipungui uzito namna hiyo bila sababu. Wachache huibonyeza. Neno "final" kwenye jina limeshawahakikishia.

Mambo mawili ya kujua kabla ya kugusa chochote. Faili lililofunikwa kwenye flashi haliendi `Recycle Bin`. Na programu za kufufua faili zinaweza kujaribiwa, lakini hapa matumaini ni madogo, kwa sababu faili jipya linaweza kuandikwa palepale lilipokuwa la zamani, na faili la `pptx` ni furushi lililobanwa kama ZIP: likikosa kipande, mara nyingi halifunguki kabisa. Kwa hiyo acha kuandika kitu kingine kwenye hiyo flashi, inakili yote kwenye laptopu, iweke pembeni. Ukiwa na siku tatu mbele yako unaweza kuhangaika nayo. Ukiwa na usiku mmoja, tafuta mabaki sehemu nyingine.

Mwanafunzi wetu anakimbilia `File` > `Info` > `Manage Presentation` > `Recover Unsaved Presentations`. Hakuna kitu. Haikupaswa kumshangaza: pale hukaa mafaili yaliyofungwa bila kuhifadhiwa. Kundi lao lilikuwa linahifadhi na kufunga ipasavyo, na nakala za dharura ambazo PowerPoint hutengeneza kila baada ya dakika 10 hufutwa faili likishahifadhiwa na kufungwa salama. Tatizo lingine ni kwamba walikuwa wakifungua faili moja kwa moja kutoka kwenye flashi, hivyo kwenye laptopu yake hakuna hata nakala moja.

Sasa anafanya jambo ambalo ndilo lililookoa usiku: kabla ya kutengeneza slaidi hata moja, anachukua karatasi, anaandika namba 1 hadi 18 kwenda chini, na mbele ya kila namba anauliza toleo jipya kabisa la slaidi hiyo liko kwa nani na kwa umbo gani. Dakika 40 zinaondoka hapo. Watu huona hizo ni dakika zilizopotea. Mimi naona kinyume chake, maana asiyejua alichopoteza huishia kutengeneza upya slaidi ambazo bado zipo, na kuziamini zile ambazo si zenyewe.

Karatasi inaonyesha hivi. Slaidi 16 hadi 18 ziko salama, ndizo alizotengeneza yule kijana. Slaidi 9 hadi 15 hazipo kabisa. Slaidi 1 hadi 8 zipo, lakini ni za Jumapili.

Hapo kwenye 1 hadi 8 ndipo penye hatari kubwa, kuliko hata zile saba zilizopotea. Pengo linaonekana. Slaidi ya zamani haionekani kuwa ya zamani. Ina kichwa kilekile, picha ileile na rangi ileile. Slaidi ya 5 ya Jumapili ilisema zabibu za Dodoma huvunwa mara moja kwa mwaka. Mwalimu alishawaambia Jumatatu kwamba huku mavuno ni mawili kwa mwaka, wakarekebisha, na marekebisho hayo yamekwenda na maji. Kama angejaza tu pengo la 9 hadi 15, kesho wangesimama na kosa ambalo mwalimu huyohuyo alishalisahihisha.

Mabaki yanapatikana sehemu tatu. Ya kwanza ni WhatsApp. Mwenzao wa gharama na faida alituma slaidi zake, 12 hadi 15, Jumatatu usiku. Kwenye simu ya Android, nyaraka ulizotuma wewe mwenyewe hubaki humu hata kama umefuta mazungumzo na kuacha mafaili:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Documents/Sent
```

Ulizopokea ziko kwenye `WhatsApp Documents` yenyewe. Angalizo moja: ukipakua faili hilo kwenye laptopu, tarehe inayoonyeshwa na Windows ni ya kupakua, si ya kuandikwa. Ukitaka kujua lipi ni jipya, lifungue, ingia `File` > `Info`, soma `Last Modified` na `Last Modified By` hapo kulia. Kundi lilikuwa na mafaili manne yenye "final" kwenye jina, na lililoonekana jipya kwa tarehe ya Windows lilikuwa la Ijumaa.

Mabaki ya pili ni PDF. Jumanne mchana walitengeneza PDF ya slaidi zilizokuwa tayari, 1 hadi 15, wakaituma steshenari ichapwe, na imebaki kwenye simu ya aliyetuma. PDF haiwezi kurudi kuwa slaidi nzuri, na wanaojaribu kuigeuza kwa tovuti za bure hupata visanduku vya maandishi vilivyokatwakatwa mstari kwa mstari. Usiigeuze. Ifanye shahidi: inakuambia kila slaidi ilisema nini na kwa mpangilio gani, na maandishi yake unaweza kuyanakili na kuyabandika.

Ya tatu ni faili la Excel la dada aliyeshughulikia bei na soko. Slaidi zake, 9 hadi 11, alizitengenezea palepale kwenye flashi, lakini takwimu za grafu mbili alizichorea kwanza kwenye laptopu yake.

Ujenzi wenyewe unaanza na msingi. Analihifadhi faili la slaidi 11 kwa jina jipya lenye tarehe na saa, kwenye laptopu, si kwenye flashi. Anafungua PDF upande mmoja na slaidi upande mwingine, anasoma 1 hadi 8 neno kwa neno. Anakuta tofauti tano, ikiwemo ile ya mavuno. Kuna kitufe cha `Review` > `Compare` kinacholinganisha mafaili mawili ya PowerPoint na kuonyesha kilichobadilika, na ni kizuri sana, ila kinataka `pptx` mbili. Hapa nakala ya pili ni PDF, kwa hiyo ni macho tu.

Slaidi 12 hadi 15 anazinakili kutoka faili la WhatsApp na kuzibandika kwa `Use Destination Theme`. Angechagua `Keep Source Formatting`, zingekuja na muundo wao, na wasilisho lingekuwa na mandhari mbili, namba za kurasa zikikaa pembe tofauti. Baada ya kubandika anazilinganisha nazo na PDF, kwa sababu zile ni za Jumatatu na PDF ni ya Jumanne. Slaidi ya 14 jumla ya gharama imebadilika. Anachukua ya PDF, lakini kwanza anampigia mwenye sehemu kuuliza kwa nini. Walikuwa wamesahau gharama ya nguzo na waya wa kutandazia mizabibu.

Zilizobaki ni 9 hadi 11. Maandishi yanatoka kwenye PDF, grafu zinatoka Excel. Hapa kuna mtego unaojificha hadi asubuhi. Ukinakili grafu kutoka Excel na kuibandika kawaida, PowerPoint huiunganisha na faili la Excel badala ya kuibeba. Kwenye laptopu yako inaonekana sawa. Ukumbini, kwenye kompyuta nyingine, picha bado itaonekana, lakini mwalimu akisema "hebu badilisha hiyo bei tuone" na ukabonyeza `Edit Data`, utaambiwa faili lililounganishwa halipatikani. Bonyeza kulia, chagua `Use Destination Theme & Embed Workbook`. Lakini jua kwamba kitabu chote cha Excel kinaingia ndani ya slaidi, pamoja na kurasa ambazo hukutaka watu wazione. Dada anatengeneza kwanza nakala ya Excel yenye jedwali moja tu la bei, ndipo anabandika.

Saa 8 usiku slaidi ni 18 tena. Anazipitia kwa mpangilio wa karatasi, anatia alama kila namba, anahifadhi, analifungua faili kwenye laptopu ya mwenzake wa chumba. Herufi za vichwa zimebadilika kwa sababu laptopu hiyo haina fonti aliyoitumia. Anabadilisha vichwa vyote kuwa Calibri na kutoa PDF ya akiba.

Kama kazi hii ingekuwa Google Drive, mwisho ungekuwa mwingine. Ukipakia faili lenye jina lilelile na kuchagua `Replace existing file`, toleo la zamani hubaki chini yake: bonyeza kulia, tafuta `Manage versions`, lipakue. Hukaa siku 30 au hadi matoleo yafike 100, isipokuwa umeweka `Keep forever`. Kwa slaidi zilizotengenezwa ndani ya Google Slides zenyewe, njia ni `File` > `Version history` > `See version history`. Ila usikimbilie kurudisha toleo zima, maana walichoongeza wengine baada ya hapo nacho kitaondoka mbele yenu. Fungua la zamani, nakili slaidi unazotaka, zibandike kwenye la sasa.

Wasio na bando la kufanya hivyo, na ni wengi, wamweke mtu mmoja anayeshika faili kuu. Wengine wasilipewe kabisa. Kila mtu atume slaidi zake tu, na jina liseme ni zipi: `16-18_changamoto_0412_2140.pptx`, yaani tarehe 4 Desemba, saa 3:40 usiku. Faili la slaidi tatu haliwezi kufunika la slaidi 18 kwa sababu majina hayafanani.

Kitu kimoja hakikurudi usiku ule: maelezo ya msemaji yaliyoandikwa chini ya slaidi 9 hadi 11. PDF ya kawaida haiyabebi, na Excel haikuwahi kuwa nayo. Dada wa bei na soko aliyaandika upya kwa kalamu kwenye vipande vya karatasi, akavibana na pini kwa mpangilio wa slaidi zake.