Mashine iliyokwisha thamani ikitupwa bure, vitabu huandika nini?

Mwenye kinu cha kukoboa mahindi huja kwa mhasibu wake na habari mbaya: mashine kubwa imepasuka bodi, fundi amekataa kuichomelea tena, na vijana wa chuma chakavu wameshaikata na kuipakia kwenye lori. Hakulipwa hata shilingi. Anategemea kuambiwa kwamba mwaka huu hasara itakuwa kubwa. Mhasibu anafungua rejesta ya mali, anatazama mstari mmoja, anamwambia hasara ni sifuri. Mzee haamini. Mashine ya milioni 24 imekwenda hivi hivi, halafu hasara sifuri?

Jibu limo kwenye namna mashine inavyokaa vitabuni tangu siku inaponunuliwa. Haikai kama namba moja inayopungua kila mwaka, bali kama namba mbili zinazotazamana. Ya kwanza ni gharama ya kununulia, nayo haiguswi. Ya pili ni uchakavu limbikizi, yaani jumla ya uchakavu wote uliokwisha kuandikwa, nayo hukua mwaka hadi mwaka. Ukitoa ya pili kwenye ya kwanza unapata thamani ya kitabuni. Wahasibu huziweka mbali makusudi, ili anayesoma aone mali ilinunuliwa kwa kiasi gani na imekwisha kutumika kwa kiasi gani. Zikichanganywa, mashine mpya ya milioni 3 na mashine kuukuu iliyobakiza milioni 3 zingeonekana sawa.

Tuipe mashine ya mzee namba zake. Ilinunuliwa Januari 2014 kwa shilingi 24,000,000, ikakadiriwa kuishi miaka 8, na mwisho wake haikutarajiwa kuuzwa kwa chochote. Uchakavu ukawa 3,000,000 kila mwaka. Ilipofika Desemba 2021, uchakavu limbikizi ulikuwa 24,000,000, sawasawa na gharama. Thamani ya kitabuni ikawa sifuri.

Lakini mashine haikujua kwamba imekwisha. Iliendelea kukoboa 2022, ikakoboa 2023, ikapasuka Machi 2024. Hapa ndipo wengi huteleza, kila mtu kwa upande wake. Wako wanaoifuta vitabuni siku ile ile thamani inapofika sifuri, ingawa mashine bado inanguruma uani. Hilo ni kosa. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 16, kinasema mali huondolewa vitabuni inapotolewa, kwa mfano kwa kuuzwa, au pale ambapo hakuna tena faida inayotarajiwa kutokana na kuitumia au kuiuza. Kufika sifuri si mojawapo ya hayo. Kwa hiyo miaka ile miwili na ushei, gharama ya 24,000,000 na uchakavu wa 24,000,000 vilipaswa kubaki vitabuni vikitazamana, na uchakavu mpya usiandikwe. Upande wa pili wako wasioifuta kabisa, hata baada ya lori kuondoka. Hao nitawarudia.

Siku ya kuifuta, ingizo ni fupi:

Debiti: Uchakavu limbikizi, mashine 24,000,000
Krediti: Mashine, kwa gharama 24,000,000

Basi. Akaunti ya mashine ina salio la debiti, kwa hiyo kuitoa mashine ni kuikrediti. Uchakavu limbikizi una salio la krediti, kwa hiyo kuutoa ni kuudebiti. Pande mbili zimelingana zenyewe, na hakuna kilichobaki cha kupeleka kwenye faida na hasara. Milioni 24 za mzee zilikwisha kupita kwenye hesabu zake, milioni 3 kila mwaka kwa miaka 8, zikipunguza faida ya kila mwaka zilipopita. Kuziandika tena kama hasara mwaka 2024 ni kumtoza mara mbili kwa mashine moja. Nimewahi kukuta ingizo la aina hiyo, hasara nzima ya gharama ya kununulia, na uchakavu limbikizi umeachwa palepale ukielea bila mali yake. Dalili yake ni rahisi kuona: gharama ya kundi la mali inakuwa ndogo kuliko uchakavu wake, na mizania inaonyesha mashine zenye thamani hasi. Hakuna mashine yenye thamani hasi.

Mtu anaweza kuuliza: kama halina faida wala hasara, ingizo hili lina kazi gani? Tutazame kundi zima la mashine za mzee. Kabla ya kufuta, gharama ya mashine zake tatu ni 60,000,000 na uchakavu limbikizi ni 41,000,000. Thamani ya kitabuni ni 19,000,000. Baada ya kufuta, gharama ni 36,000,000, uchakavu ni 17,000,000, na thamani ya kitabuni ni ile ile 19,000,000. Jumla kwenye mizania haikutikisika. Ila angalia uwiano. Kabla, asilimia 68 ya gharama ya mashine ilikuwa imekwisha kuliwa na uchakavu. Baada ya kufuta ni asilimia 47. Afisa mikopo anayetaka kujua kama kinu hiki kitahitaji mashine mpya karibuni husoma uwiano huo, na kwa namba za kwanza angeona kinu cha mashine zilizozeeka, wakati kilichozeeka kilishakatwa vipande na kuondoka.

Hilo ndilo huwapata wale wasiofuta kabisa. Mali hewa huwagharimu kidogo kidogo. Bima ikikatwa kwa kufuata orodha ya rejesta, wanalipia mashine isiyokuwepo. Mkaguzi akija na orodha ile mkononi kuhesabu mali uani, atasimama mbele ya sakafu yenye alama za mafuta na nati nne, na kuanzia hapo hataiamini mistari mingine. Sehemu ya maelezo ya hesabu inayoonyesha mwendo wa mali, pale penye salio la mwanzo, zilizonunuliwa, zilizotolewa na salio la mwisho, ndipo pekee msomaji wa nje ataona kwamba kuna mashine imeondoka. Huko 24,000,000 huonekana mara mbili: kama zilizotolewa upande wa gharama, na kama zilizotolewa upande wa uchakavu.

Sasa kabla ya kuandika ingizo lile fupi, hakikisha kwamba mashine kweli imekwisha yote. Tuseme mwezi Januari 2020 mota iliungua, mzee akafunga mpya ya 4,000,000, ikaandikwa kwenye mstari wake na maisha ya miaka 5. Uchakavu wake ni 800,000 kwa mwaka. Mpaka mwisho wa Machi 2024 imetimiza miaka 4 na miezi 3: uchakavu 3,400,000, thamani ya kitabuni 600,000. Kama mota iliondoka kwenye lori pamoja na bodi, ile sifuri ya mhasibu si kweli. Ingizo linakuwa refu kidogo: unadebiti uchakavu limbikizi wa mota 3,400,000, unadebiti hasara ya kutupa mali 600,000, unakrediti gharama ya mota 4,000,000. Lakini kama fundi aliifungua na kuifunga kwenye mashine ya pili, mota haijatupwa. Inabaki vitabuni na kuendelea kuchakaa kama kawaida. Hili halijulikani kwa kukaa ofisini. Muulize fundi.

Mtego kama huo upo kwenye thamani ya masalia. Kama mwaka 2014 ilikadiriwa kwamba mwishoni mashine ingeuzwa 1,200,000, uchakavu ungekuwa 2,850,000 kwa mwaka na ungesimama kwenye 22,800,000. Programu ya uhasibu itaonyesha kwamba mashine imemaliza maisha yake, lakini bado ina thamani ya 1,200,000 vitabuni, na ikitupwa bure hiyo ndiyo hasara. Kumaliza miaka na kufika sifuri ni mambo mawili.

Nirudi kwenye neno "bure", maana ndilo linalonipa mashaka kuliko yote. Chuma chakavu kinapimwa kwa kilo na kina bei. Mashine nzito kuondoka bila malipo inawezekana, lakini inahitaji maelezo, kwa sababu thamani ya kitabuni ikiwa sifuri hakuna namba inayopiga kelele. Msimamizi akiuza vipande na kutia pesa mfukoni, vitabu vitalingana vizuri tu. Kwa hiyo ingizo lisisimame peke yake. Liwe na fomu ya kufuta mali yenye namba ya mashine, tarehe, sababu, jina la aliyeichukua, sahihi ya mwenye mamlaka, na picha kama ipo. Katika kisa cha mzee, maelezo yalikuwa rahisi: wale vijana walikubali kuikata, kuibeba na kusafisha sakafu, na chuma kikawa ujira wao. Kwa lugha ya uhasibu, mapato ya kuuza yalimezwa na gharama za kuiondoa, na kilichobaki ni sifuri. Ingekuwa mzee amewalipa 150,000 juu yake, hizo zingekuwa gharama ya mwaka huu. Na kama wangemletea 200,000 siku ya kupakia, zote zingekuwa faida ya kutoa mali, kwa kuwa hakuna thamani ya kitabuni ya kuzipunguza.

Kwenye kodi mambo huenda kwa njia yake. Tanzania, kwa mfano, sheria ya kodi ya mapato huweka mali nyingi za namna hii kwenye makundi, na nafuu ya uchakavu hukokotolewa kwa asilimia ya salio la kundi zima linalopungua, wala si mashine moja moja. Mali ikitoka, kinachopunguza salio la kundi ni kile kilichopokelewa. Mzee hakupokea kitu, basi salio la kundi lake halikupungua siku ya lori, na sehemu ya gharama ya mashine ile inaweza kuendelea kumpa nafuu mwaka baada ya mwaka, ingawa kwenye vitabu vyake vya biashara mstari wake umeshafutwa.