Imatinib si kemotherapi ya vidonge: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kemotherapi ni ya dripu, tiba lengwa ni ya vidonge.

Namna dawa inavyoingia mwilini haionyeshi ni ya kundi gani. Hidroksiurea humezwa kama kapsuli, nayo ni kemotherapi. Trastuzumab, inayotumika kwa baadhi ya saratani za matiti, huweza kutolewa kwa dripu, nayo ni tiba lengwa. Cha kuuliza ni kitu gani dawa inakishika kwenye seli. Kemotherapi huvuruga seli zinazojigawa, ziwe za saratani au nzima, ndiyo maana nywele hunyonyoka na mdomo huota vidonda.

Imatinib, tiba lengwa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, ina shabaha nyembamba zaidi. Katika saratani ya damu sugu ya mieloidi (CML), kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande, na palipoungwa huzaliwa jeni BCR-ABL1. Jeni hiyo hutengeneza tairosini kinasi, kimeng'enya kinachochukua fosfeti kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine. Kila inapobandikwa, seli hupata amri ya kuongezeka. Kinasi ya kawaida huwaka na kuzimika, hii imekwama ikiwaka. Imatinib hukaa kwenye kijishimo ambamo ATP ingeingia, na amri hukatika.

Dhana: Kwa kuwa inalenga, haina madhara.

Inayo, ila ni ya sura nyingine. Imatinib hugusa pia kinasi nyingine chache za mwili, hivyo wengi huamka kope zimevimba, misuli ya miguu hukaza, tumbo huchafuka. Kichefuchefu hupungua dawa ikimezwa pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Wiki za mwanzo hesabu ya chembe za damu inaweza kushuka, kwa sababu uboho ulikuwa umejaa seli za saratani na zile nzima hazijarudi kujaza nafasi. Daktari anaweza kuisimamisha dawa kwa muda, lakini mgonjwa asijisimamishie mwenyewe. Na mwanamke anayetaka kushika mimba azungumze na daktari kabla, maana dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Dhana: Hesabu ya damu ikirudi kawaida, kuruka dozi si neno.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na wanapotea wakijiona wazima. Kemotherapi nyingi hutolewa kwa mizunguko yenye mapumziko ili mwili urudishe seli zake. Mtu aliyezoea utaratibu huo hudhani imatinib nayo ina mapumziko. Haina. Dozi ya kawaida katika hatua ya awali ya ugonjwa ni miligramu 400 kila siku, na kinasi huzuiwa pale tu dawa ilipo kwenye damu.

Chembe nyeupe zinaweza kuwa za kawaida na bandama iliyokuwa imevimba kurudi ndani ya mbavu, huku seli zenye BCR-ABL1 zikiwa bado nyingi. Hufuatiliwa kwa PCR, kipimo cha damu kinachoonyesha kiwango cha BCR-ABL1 kwa asilimia. Matarajio ni kufika asilimia 10 au chini baada ya miezi 3, asilimia 1 baada ya miezi 6, na 0.1 baada ya mwaka. Wapo wanaoacha dawa salama, lakini baada ya miaka ya matokeo ya chini sana na kwa PCR za mara kwa mara. Hata hao, karibu nusu ugonjwa huwarudia.

Dhana: Kipimo kikipanda, dawa imeshindwa, arudi kwenye kemotherapi.

Tuchukue mfano. Mgonjwa alikuwa na asilimia 8 mwezi wa 3, na 0.9 mwezi wa 6. Mwezi wa 9 PCR inasoma 4. Kabla ya kulaumu dawa, fungua boksi lake. Lilikuwa na vidonge 30 vya miligramu 400. Siku 30 zimepita na 6 vimebaki. Amekosa siku moja katika kila tano, na hiyo yatosha kueleza kupanda huko.

Ikiwa boksi ni tupu, uliza dawa nyingine. Anayetibiwa kifua kikuu humeza rifampisini, ambayo huchochea ini kuivunja imatinib haraka hadi karibu robo tatu yake hupotea kwenye damu. Basi madaktari wa pande zote mbili wapange upya dawa. Balungi hufanya kinyume: huipandisha imatinib, na madhara nayo.

Yote hayo yakiwa sawa, hupimwa mabadiliko ya jeni. Yakionekana yale ya T315I, kijishimo kimebadilika umbo na imatinib haikai tena. Kuongeza dozi hakusaidii, wala vizuia kinasi vingine kama nilotinib au dasatinib. Zinazoweza kufanya kazi ni ponatinib au asciminib, ambazo nazo ni vizuia kinasi.