Neno unalolijua ndio linakupoteza ukisoma Kiingereza cha zamani

Nafanya kazi na historia ya maneno ya Kiingereza, na naona watu wakishika maandishi ya kale wanaogopa yale maneno ya ajabu ajabu. Hayo hayana shida, hulijui unafungua kamusi basi. Linalopoteza watu ni neno la kila siku, kwa sababu hata hushtuki.

Chukua Biblia ya King James ya 1611, 1 Wathesalonike 4:15. Pale Paulo anasema sisi tutakaokuwa hai Bwana akija hatutawa“prevent” waliolala. Leo neno hilo ni kuzuia, kwa hiyo msomaji anaelewa kwamba walio hai hawatawazuia wafu wasifufuke, na kwa kuwa sentensi inaleta maana anapita zake. Sasa fungua Biblia yetu ya Union Version, utakuta “hatutawatangulia”. Ndio maana yenyewe, kwa sababu neno lilitoka Kilatini likimaanisha kuja mbele, na kutoka kutangulia hadi kuzuia si mbali, aliyekutangulia njiani anaweza kukuzibia.

Ukitaka uhakika tafuta neno hilohilo kwingine ndani ya kitabu hichohicho. Zaburi 119:147 mwimbaji anasema “ali-prevent” mapambazuko. Weka kuzuia hapo, mtu atazuiaje kusipambazuke? Weka kutangulia: ameamka kabla hakujakucha akaomba. Imekaa.

Lakini sio kila neno limehama taratibu. “Let” ya 2 Wathesalonike 2:7 ni kuzuia, leo ni kuruhusu, kinyume kabisa! Hapo yalikuwepo maneno mawili tofauti tangu zamani, sauti zikaja kufanana, la kuzuia likafifia, ila bado limebaki kwenye maandishi ya pasipoti ya Uingereza.

“Nice” ndio inahitaji subira. Kwenye miaka ya 1300 ilikuwa mjinga, kutoka Kilatini asiyejua, baadaye ikawa mtu wa kuchagua-chagua, halafu kitu kidogo kinachotaka umakini, na kwenye miaka ya 1700 ikaanza kuwa nzuri ya kupendeza. Shida ni kwamba maana mpya haikuifukuza ya zamani siku hiyohiyo, kwa hiyo mwandishi mmoja wa 1700 na kitu anaweza kutumia zote mbili na mwaka peke yake hautakuambia kitu. Angalia limekaa na nani: likiwa na tofauti au hoja, soma ndogo inayotaka jicho kali, likiwa na chakula au matembezi huenda ni nzuri tu.

“Awful” fanya vilevile. Ikiwa kwenye mahubiri ya 1600 na kitu inasifia kiti cha enzi cha Mungu, ni utukufu unaotia hofu, usisome ubaya pale. Ikiwa kwenye barua ya mwishoni mwa miaka ya 1800 mtu analalamikia mvua, hiyo ni mbaya kama ya leo.