Je, wajua kwa nini kihisi cha rangi lazima kwanza kioneshwe cheupe?

*"Nimenunua kihisi cha TCS3200 ili Arduino inipangie vifuniko vya chupa kwa rangi. Nikikiwekea karatasi nyeupe kinanipa namba tatu tofauti. Nyeupe si rangi zote kwa usawa? Au nimeuziwa kibovu?"*

Kizima kabisa. Kinachokuchanganya ni kwamba hakijui nyeupe ni nini mpaka ukifundishe, na pengine unasoma namba zake kinyumenyume.

Kitazame kwa karibu. Katikati kuna kipande cheusi chenye dirisha dogo, na ndani yake vijicho 64. Kumi na sita vimefunikwa chujio jekundu, 16 la kijani, 16 la bluu, na 16 vilivyobaki havina chujio. Pembeni vipo vitaa vinne vyeupe vya kumulika kitu kilicho mbele. Weupe wa vitaa hivyo si wa usawa: kwa kawaida ni vitaa vya bluu vilivyopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga kuwa wa manjano, kwa hiyo bluu inakuwa nyingi mahali pamoja na nyekundu inapungua. Vijicho navyo havina wepesi sawa kwa kila rangi. Ukijumlisha hitilafu hizo mbili, hakuna sababu ya karatasi nyeupe kutoa namba tatu zinazofanana.

Sasa namba zenyewe. Kihisi hiki hakitoi kiasi cha rangi, kinatoa mapigo ya umeme. Mwanga ukizidi, mapigo yanaenda mbio, ukipungua, yanakawia. Amri ya `pulseIn` inapima urefu wa nusu ya pigo moja kwa mikrosekunde, ndiyo maana namba kubwa ni giza na namba ndogo ni mwanga.

Hivi ndivyo mezani kwangu palivyosomeka, kwa mpangilio wa nyekundu, kijani, bluu. Cheupe: 40, 44, 34. Cheusi: 310, 330, 260. Kifuniko chekundu cha chupa ya maji: 60, 190, 140.

Wengi hapa huchukua `map()` na kunyoosha namba hizo moja kwa moja kati ya cheusi na cheupe. Fanya hivyo kwa kifuniko chekundu, utapata nyekundu 0.93, kijani 0.49, bluu 0.53. Hiyo ni rangi ya waridi! Kosa ni kwamba urefu wa pigo haupungui sawia na mwanga unavyoongezeka. Kinachokwenda sawia na mwanga ni kasi ya mapigo, kwa hiyo gawanya kwanza milioni moja kwa kila namba. Nyekundu ya kifuniko inakuwa 16,667, ya cheupe 25,000, ya cheusi 3,226. Ondoa cheusi juu na chini: 13,441 gawanya kwa 21,774, unapata 0.62. Kijani kinatoka 0.11 na bluu 0.13. Hapo macho yako na mashine mnakubaliana.

Kwa Arduino kazi yenyewe ni fupi:

```
// S0 HIGH, S1 LOW: kasi ya 20%
float kasi(int a, int b) {
  digitalWrite(S2, a);
  digitalWrite(S3, b);
  delay(5);
  float jumla = 0;
  for (int i = 0; i < 20; i++) {
    unsigned long t = pulseIn(OUT, LOW, 50000);
    if (t == 0) return -1;   // hakuna mapigo
    jumla += t;
  }
  return 20 * 1000000.0 / jumla;
}

float sehemu(float k, float cheusi, float cheupe) {
  return (k - cheusi) / (cheupe - cheusi);
}
```

Nyekundu ni `kasi(LOW, LOW)`, kijani `kasi(HIGH, HIGH)`, bluu `kasi(LOW, HIGH)`. Ile -1 usiidharau. `pulseIn` ikikosa mapigo hurudisha sifuri, na mara nyingi ni waya wa OUT uliolegea, si kifuniko cheusi. Nimeweka kasi ya 20% kwa makusudi: ukifungulia 100% mbele ya kitu cheupe, mapigo yanakuwa mafupi kiasi kwamba Arduino Uno haiwezi kutofautisha vizuri mikrosekunde saba na nane, na kosa la moja tu kwenye namba ndogo hivyo ni kubwa mno.

Cheupe cha kupimia nacho kinahitaji akili. Karatasi ya ofisini si nzuri sana, kwa sababu hutiwa kemikali ya kuifanya ing'ae kibluu, na ikiwa moja inapitisha mwanga hadi ukaona meza iliyo chini yake. Mimi natumia tepu nyeupe ya mafundi bomba, ile ya kuzungushia nyuzi za mabomba. Huakisi rangi zote karibu sawa na haing'ai kama kioo. Zungushia kifuniko kimoja tabaka nyingi mpaka rangi ya chini isionekane kabisa, kisha kikae palepale vinapokaa vifuniko vingine. Hilo la mahali ndilo linaloharibu kazi za wengi: ukipima cheupe kwa umbali wa sentimita mbili halafu vifuniko vikapita kwa sentimita moja, utaona sehemu zinazozidi 1, na mashine itakuambia kifuniko cha manjano ni cheupe kuliko nyeupe.

Hata ukiwa mwangalifu, kifuniko kimoja kitakaa juu kidogo na kingine chini. Kwa hiyo usiulize nyekundu ni ngapi, uliza nyekundu ni fungu gani la jumla. Kifuniko chetu kina jumla ya 0.86, na nyekundu inachukua 0.72 ya hiyo. Kikisogea nyuma kidogo, sehemu zote tatu zinashuka pamoja na mafungu yanabaki karibu palepale. Cha manjano kilinipa mafungu ya 0.50, 0.40 na 0.10. Hifadhi mafungu ya kila rangi, kisha kifuniko kipya kipeleke kwenye rangi iliyo karibu nacho zaidi. Jumla yenyewe usiitupe, maana cheupe na kijivu vina mafungu yanayolingana na ni jumla tu inayovitenganisha, na cheusi jumla yake iko karibu na sifuri hadi mafungu yake hayana maana.

Adui aliyebaki ni dirisha la chumba. Machujio ya TCS3200 yanapitisha pia infraredi, mwanga ambao jicho la mtu halioni lakini umejaa kwenye jua na kwenye balbu za zamani za waya. Ukiingia, unapandisha kasi zote tatu kwa pamoja na rangi zinapauka. Dalili yake ni rahisi: asubuhi mashine inapanga vizuri, saa saba mchana chekundu kinatupwa kwa machungwa. Ziba kihisi ndani ya bomba fupi au boksi lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, acha vile vitaa vinne peke yake, kisha pima upya cheupe na cheusi ukiwa umekwisha ziba, si kabla.

Hata hivyo kuna vifuniko vitakavyokushinda. Kinachopitisha mwanga husomeka rangi ya kilicho nyuma yake, na chenye nembo kubwa katikati husomeka mchanganyiko. Kwa hivyo mota ya servo inayogeuza mlango niliipa shimo moja la ziada: kifuniko ambacho mafungu yake yako mbali na kila rangi iliyohifadhiwa kinaangukia humo, nakipanga kwa mkono jioni.