Mkojo unaobaki kibofuni si lazima uwe tezi dume

"Ultrasaundi imeonyesha mkojo umebaki kibofuni, basi ni tezi dume."

Kiasi cha mkojo uliobaki baada ya kukojoa, peke yake, hakitoshi kusema hivyo. Mkojo hubaki kwa sababu njia imebanwa, au kwa sababu msuli wa kibofu hausukumi vya kutosha. Mzee aliyeishi na kisukari miaka mingi anaweza kukutwa na mililita 180 ilhali tezi yake ni ndogo. Zilizoharibika ni neva za kibofu. Huyo akipasuliwa tezi, huenda asipate nafuu. Kinachotenganisha mambo haya mawili ni kupima presha ya kibofu pamoja na kasi ya mkojo. Ila kwanza ultrasaundi irudiwe: aliyekaa foleni nusu saa baada ya kukojoa hupimwa mkojo mpya pia.