Picha ya ukutani inahitaji pikseli ngapi? Dhana potofu na ukweli wake

Tuchukue kazi moja ambayo studio hupokea kila wiki: picha ya pamoja ya harusini, imepigwa kwa simu, mwenyewe anataka isafishwe kwa sentimita 30 kwa 45 na kutiwa fremu ya sebuleni. Kwenye simu inang'aa. Je, ikichapwa kwa ukubwa huo itabaki safi? Swali hili lina jibu la hesabu, na hesabu yenyewe ni fupi:

```
pikseli = sentimita ÷ 2.54 × pikseli kwa inchi
```

Tunagawa kwa 2.54 kwa sababu inchi moja ni sentimita 2.54, na ubora wa uchapaji hupimwa kwa inchi. Sentimita 45 ni inchi 17.72 na sentimita 30 ni inchi 11.81. Tukitaka pikseli 300 kwa kila inchi, tunapata 5315 kwa 3543. Hapo ndipo maneno ya mitaani yanapoanza kupotosha watu.

Dhana: "Picha hii ni 72 dpi, haichapiki. Ibadilishe iwe 300."

Hii ndiyo inayopoteza muda wa watu wengi kuliko zote. Ukibofya faili kwenye kompyuta ya Windows, ukafungua Properties kisha Details, utaona upana na urefu wa picha kwa pikseli, na chini yake mstari unaosema 72 dpi, au 96, au 300. Namba hiyo ya chini ni lebo tu. Inaiambia programu ya kuchapa ianze kwa kudhani pikseli ngapi zipangwe kwenye inchi moja, na wala haigusi picha yenyewe. Picha ya pikseli 4032 kwa 3024 yenye lebo ya 72 na nyingine ya pikseli hizohizo yenye lebo ya 300, zikichapwa kwenye karatasi ya ukubwa mmoja, zitatoka sawasawa.

Kwa hiyo angalia pikseli, kisha ugawe mwenyewe kwa inchi za karatasi. Simu nyingi za megapikseli 12 hutoa picha ya 4032 kwa 3024. Upande mrefu wa karatasi yetu ni inchi 17.72, na 4032 ukigawa kwa 17.72 unapata kama 228. Huo ndio ubora halisi wa picha hii kwenye karatasi hii, lebo iseme itakavyo.

Ukitaka kubadilisha lebo bila kuharibu kitu, kwenye GIMP tumia Image > Print Size; kwenye Photoshop fungua Image Size na uondoe alama kwenye Resample. Ukiiacha alama hiyo, programu haitabadilisha lebo peke yake, itatengeneza pikseli mpya. Jambo hilo lina dhana yake.

Dhana: "Pikseli zikipungua, kompyuta itaziongeza."

Itaziongeza kweli, lakini itazibuni. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, mara nyingi hufika ikiwa na pikseli kama 1600 kwa 1200. Ukiilazimisha ifike 5315 upande mrefu, kila pikseli moja iliyokuwepo inageuka kama kumi na moja, na zile kumi zilizoongezeka zimekisiwa kutokana na rangi za majirani zake. Mashavu yatalainika, kope zitapotea, na maandishi kwenye kitenge yatakuwa ukungu. Faili itaonekana kubwa na hesabu itasema 300, ila jicho halitadanganyika.

Tazama kinachotokea kwa uso mmoja. Watu ishirini wamesimama safu mbili, kumi kumi. Kwenye faili ya 1600, kila mtu amepata upana wa pikseli 160 hivi, na uso wake labda 60. Kwenye faili ya asili ya 4032, mtu huyohuyo ana pikseli 400 na uso wake kama 150. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama bibi aliyesimama safu ya nyuma atatambulika. Dawa ni kumwomba aliyepiga aitume picha kama dokumenti, si kama picha, maana dokumenti hufika na pikseli zake zote. Picha ya skrini usiikubali kabisa: inabeba pikseli za kioo cha simu tu, mara nyingi 1080 kwa upana, pamoja na mistari ya juu na ya chini isiyohusika.

Dhana: "Faili ni MB 5, kwa hiyo inatosha."

Ukubwa wa faili hauelezi idadi ya pikseli. Picha mbili za simu moja, zenye pikseli sawa, zinaweza kupishana sana: ukuta mweupe hubanwa ukawa mdogo, mwembe wenye majani elfu hukataa kubanwa. Soma upana na urefu, basi.

Dhana: "Chini ya 300 ni mbovu."

Namba ya 300 haikutoka hewani. Jicho lenye afya hutenganisha vitu vilivyopishana kwa sehemu moja ya sitini ya digrii, na kwa mtu aliyeshika picha umbali wa sentimita 30 usoni, hiyo ni kama pikseli 290 kwa inchi. Kwa albamu, 300 ni kipimo cha haki. Lakini ukisogea hadi mita moja, takriban 90 zinatosha, na ukiwa mita mbili, 45. Ndiyo sababu bango la barabarani huchapwa kwa pikseli chache sana kwa inchi na bado linasomeka vizuri.

Picha yetu ya 228 ni nzuri sana kwa ukuta. Mwenye kupenda hesabu atauliza: je, ile ya WhatsApp? 1600 ukigawa kwa 17.72 ni 90, kwa hiyo ukikaa kwenye kochi mita moja mbele yake itapita. Mimi bado nisingeisafisha kwa ukubwa huo. Picha ya harusi watu huisogelea, wakanyoosha kidole kutafuta nani ni nani, na kwa umbali huo 90 haitoshi. Isitoshe, faili hiyo imebanwa, na mabaka yake ya mraba huonekana kwenye ngozi na kwenye anga.

Dhana: "Pikseli zikitosha, picha itaingia."

Umbo nalo lina sauti yake. Picha ya simu ni 4 kwa 3, lakini karatasi ya 30 kwa 45 ni 3 kwa 2. Ukijaza upana wote wa sentimita 45, urefu wa picha unakuwa 33.75 na karatasi ina 30 tu. Zinakatwa sentimita 3.75, sawa na pikseli 336, na kwa picha ya watu waliojazana hadi ukingoni hizo ni viatu vya safu ya mbele au vilemba vya nyuma. Fundi asiyeuliza huruhusu mashine ikate katikati juu na chini. Mwambie akate wapi, au chagua karatasi ya 30 kwa 40: hiyo ni 4 kwa 3 kamili, picha yote inaingia bila kukatwa, na ubora unapanda kutoka 228 hadi 256 kwa inchi.